Wimbo wa tangazo ni wa nani?

Chukua mfano wa kampuni ya majani ya chai jijini Nairobi. Inampigia simu mwanamuziki, wanaelewana shilingi 80,000, naye anatunga wimbo wa tangazo. Hakuna karatasi iliyotiwa saini. Miaka miwili baadaye wimbo unasikika kila mahali, hata kama mlio wa simu, na mtunzi anadai sehemu ya mapato. Kampuni inamjibu kuwa alishalipwa.

Wasanii wengi huamini kwamba aliyetunga ndiye mwenye mali. Uingereza ndivyo sheria inavyoanza: mtunzi asiyeajiriwa hubaki na hakimiliki hata baada ya kulipwa, ingawa mahakama inaweza kuamua vinginevyo. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya huko iliamua kuwa nembo ya viatu vya Dr. Martens, iliyochorwa na msanii aliyelipwa kwa saa, ilikuwa ya wenye viatu, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokusudiwa tangu mwanzo.

Kenya imegeuza kanuni hiyo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema hakimiliki huanzia kwa mtunzi, lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu asiye mwajiri wake, huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo ukimya wa yule mwanamuziki umeinufaisha kampuni. Wimbo ni wake kampuni, mlio wa simu ukiwemo.

Ila kesi hiyo ingebadilika kwa jambo moja dogo. Tuseme kiitikio hakikutungwa kwa ajili ya chai. Mwanamuziki alikuwa amekitunga mwaka uliotangulia, akakichomeka tu. Hicho hakikuagizwa na kampuni, na sheria inataka uhamisho wa hakimiliki uandikwe na kutiwa saini na mwenye haki. Mazungumzo ya simu hayatoshi. Hali ni hiyo hiyo kwa biti ambalo prodyuza alikuwa nalo tayari studioni: msanii hawezi kuikabidhi kampuni kitu ambacho si chake. Ndiyo maana rasimu zenye tarehe na ujumbe wa simu huwa ushahidi muhimu.

Hata pale kampuni inapomiliki wimbo wote, mtunzi habaki mikono mitupu. Haki zake za kimaadili haziuzwi pamoja na wimbo. Anaweza kudai atambuliwe kuwa ndiye aliyeutunga, na kupinga maneno yake yakipotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima.

Msanii anayetaka kubaki na wimbo wake anahitaji sentensi chache tu kabla ya kuingia studioni: hakimiliki inabaki kwa mtunzi, kampuni inaruhusiwa kuutumia katika matangazo ya redio na televisheni nchini Kenya kwa miezi 12, matumizi mengine yatalipiwa kivyake. Pande zote mbili zitie saini.