Barua iliyowaudhi wazazi: Methali, msemo, nahau na nukuu si kitu kimoja

Mwezi jana mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni katibu wa kamati ya wazazi katika shule moja ya msingi, aliniletea barua iliyokuwa imemtia matatani. Kamati ilikuwa imeamua kila mzazi achangie Sh500 za chakula cha mchana, naye akapewa kazi ya kuwaandikia. Barua ilipofika nyumbani, baadhi ya wazazi waligoma kulipa. Kikaoni mama mmoja alisimama akasema: “Hatujakataa kuchanga. Tumekataa kuinamishwa.”

Katibu alishangaa. “Mwalimu, kwani si nilitumia methali tu?” aliniuliza.

Aya iliyozua zogo ilikuwa hii: “Wahenga walisema tufunge vibwebwe. Mtoto mwenye njaa hasomi, nasi twajua kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu Nyerere alisema elimu ni ufunguo wa maisha. Kwa hivyo kila mzazi alipe kufikia Ijumaa.”

Katika sentensi nne, ndugu yetu alikuwa amekusanya nahau, methali na msemo, kisha msemo huo akauvisha kanzu ya nukuu. Vyote kwake vilikuwa “maneno ya hekima” tu.

Tuanze na vibwebwe. Kufunga kibwebwe ni nahau. Kibwebwe ni nguo anayojifunga mwanamke kiunoni anapojiandaa kwa kazi au ngoma, na kutokana na desturi hiyo tukapata maana ya kujitahidi kwa dhati. Nahau haisemi jambo zima. Ni kipande cha sentensi kinachosubiri mtenda na wakati: alifunga kibwebwe, wamefunga vibwebwe, tutafunga vibwebwe. Kitenzi chake hunyambulika kama kitenzi kingine chochote, ila hadi kiwango fulani. Ukisema mzee fulani amekula chumvi nyingi, tunaelewa ameishi miaka mingi. Ukigeuza ukasema chumvi nyingi imeliwa na mzee, tutafikiri ana ugonjwa wa shinikizo la damu. Hicho ndicho kipimo changu: igeuze sentensi, na maana fiche ikitoroka ikabaki ile ya kawaida, basi ulikuwa na nahau mkononi.

Kwa kuwa nahau ni kipande tu cha lugha, wahenga hawahusiki nayo. Hakuna mhenga aliyesema “kufunga kibwebwe”, kama vile hakuna aliyesema “kwenda sokoni”. Nahau huingia katika maandishi kimyakimya, bila kutangazwa. Tatizo lake ni adabu ya mahali. Katika tanzia unaweza kuandika kwamba marehemu aliaga dunia. Ukiandika alikata kamba, jamaa zake watakutafuta. Na daktari anayejaza ripoti hana haja ya yoyote kati ya hizo mbili.

Methali ni kitu kingine kabisa. “Mtaka cha mvunguni sharti ainame” ni kauli kamili yenye pande mbili, hata ukiitamka nusu ya kwanza kwenye hadhira ya Waswahili, watu wataimalizia. Sarufi yake ni ya kale: “mtaka” badala ya anayetaka, “cha” bila kutaja kitu chenyewe. Huwezi kuipeleka katika wakati uliopita ikabaki methali. Zaidi ya hayo, haitaji inachozungumzia. Mvungu ni ile nafasi iliyo chini ya kitanda, lakini methali haihusu vitanda. Msikilizaji ndiye anayeachiwa kazi ya kuamua kitu cha mvunguni ni kipi na nani anayetakiwa kuinama.

Na hapo ndipo katibu alipoteleza. Methali hugawa nafasi: kuna anayeonya na anayeonywa. Mzee akimwambia kijana wake maneno hayo, kijana atayapokea. Yakitoka kwa kamati yakaenda kwa mzazi anayehangaika kutafuta kibarua, yanamwambia: wewe ndiwe mwenye shida, piga magoti. Mbaya zaidi, huwezi kujibizana na methali, maana imetangulizwa kama neno la wahenga. Ndiyo maana hufaa sana pale mwandishi anapofunga hoja ambayo msomaji ameshaikubali, na huudhi inapotumiwa mahali pa hoja. Lau angetaka methali ya kuwaweka wote upande mmoja, ilikuwepo: mkono mmoja haulei mwana. (Nashangaa kuwaona waandishi wetu wakitafsiri kutoka Kiingereza ati mtoto hulelewa na kijiji kizima, na kuiita “methali ya Kiafrika” isiyo na lugha wala kabila, ilhali yetu ipo.)

Sasa “elimu ni ufunguo wa maisha”. Huu nauita msemo, ingawa najua vitabu vingine hulitumia neno hilo kwa upana zaidi, hata kwa nahau. Msemo ni kauli kamili kama methali, lakini hutaja waziwazi kinachozungumziwa. Elimu hapa ni elimu. Vivyo hivyo “heshima ni kitu cha bure”: hakuna fumbo la kufumbua. Mpaka huu una mashimo, sikatai. “Haraka haraka haina baraka” nayo hutaja haraka peupe, na bado sote tunaiita methali. Sitagombana na mtu kwa hilo. Msemo hukaa vizuri ukutani, kwenye kichwa cha habari au nembo ya shule. Ndani ya hoja hauongezi kitu, kwa sababu msomaji keshaukubali kabla hujauandika. Wazazi wale wamewapeleka watoto shuleni, ufunguo wanaujua.

Nilipomuuliza Nyerere aliyasema maneno hayo wapi na lini, katibu alicheka tu. Nukuu ina mwenyewe. Kila aliyefanya mtihani wa fasihi anakumbuka swali la dondoo: taja msemaji, msemewa, mahali na sababu ya maneno hayo. Basi huo ndio mtihani wa nukuu popote pale. Ukikosa msemaji na mahali, ondoa jina la mtu na alama za mtajo. Tafsiri nayo ina masharti. Wangari Maathai alikuwa akisimulia kisa cha ndege mdogo aliyebeba matone ya maji kuzima moto wa msitu. Ukikisimulia kwa Kiswahili, kisimulie kwa maneno yako na umtaje. Ukiweka alama za mtajo, sema kwamba tafsiri ni yako. Nukuu hufaa pale ambapo aliyesema ana uzito katika jambo hilohilo, au pale maneno yenyewe ndiyo unayoyachambua, kama nilivyofanya na ya yule mama.

Tulikaa mezani tukaiandika aya upya: “Watoto wetu hawali chochote tangu asubuhi hadi wanapofika nyumbani jioni. Kamati imependekeza kila mzazi achangie Sh500. Asiyeweza kulipa kwa mara moja azungumze na katibu. Mkono mmoja haulei mwana, tufungeni vibwebwe.” Wahenga hawakutajwa, wala Nyerere. Alitaka sana kuurudisha ule ufunguo wa maisha, nikamwambia auweke juu, karibu na nembo.

Alipokuwa akiondoka aliuliza kama angeweza basi kuitumia methali ya mvunguni kwa mdomo, kwenye kikao kijacho. Nilimjibu kwamba inawezekana, mradi asiwe yeye anayeisema, bali mzazi ambaye ameshalipa, na awe anajisema mwenyewe.