Takafuli

Takafuli ni mfumo wa bima ambamo washiriki huchangia mfuko wa pamoja, na mfuko huo hulipa fidia kwa mshiriki anayepatwa na hasara. Jina linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kudhaminiana. Mfumo huu hufuata sharia ya Kiislamu, lakini katika nchi nyingi wasio Waislamu pia wanaruhusiwa kujiunga.

## Tofauti na bima ya kawaida

Katika bima ya kawaida, mteja hulipa ada na kampuni hubeba hatari. Ada ikishalipwa ni mali ya kampuni, na kinachobaki baada ya kulipa madai ni faida ya wanahisa wake.

Wanazuoni wengi wa Kiislamu walipinga mkataba huo kwa sababu tatu: mteja hununua kitu kisichojulikana kama atakipata (gharari), mkataba unafanana na kamari, na fedha mara nyingi huwekezwa penye riba. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, lililokutana Jidda, lilitoa uamuzi wa kukataa bima ya kibiashara na kukubali bima ya ushirika.

Katika takafuli, mchango huhesabiwa kuwa msaada kwa washiriki wenzake. Hatari hubaki kwa washiriki wenyewe. Kampuni inayoendesha takafuli si mmiliki wa mfuko bali ni msimamizi wake, hivyo lazima itunze hesabu mbili tofauti: ya mfuko wa washiriki na ya wanahisa.

## Malipo ya msimamizi

Njia mbili hutumika zaidi. Katika njia ya wakala, kampuni hukata ada inayotajwa mapema kwenye mkataba. Katika njia ya mudharaba, kampuni hupata sehemu ya faida ya uwekezaji kwa uwiano uliokubaliwa. Kampuni nyingi huchanganya njia hizo mbili.

## Mfano wa hesabu

Tuseme washiriki 1,000 wa bima ya magari wanachangia shilingi 50,000 kila mmoja kwa mwaka. Jumla ni shilingi 50,000,000. Ada ya wakala ikiwa asilimia 30, kampuni inachukua 15,000,000, na 35,000,000 zinaingia mfukoni.

Mwaka huo madai yakifika 28,000,000, mfuko unabaki na ziada ya 7,000,000. Tuseme 2,000,000 zinawekwa akiba na 5,000,000 zinagawiwa washiriki. Kila mmoja anarudishiwa 5,000, yaani asilimia 10 ya mchango wake.

Mwaka unaofuata michango ni ileile, lakini madai yanafika 41,000,000. Mfuko unapungukiwa na 6,000,000. Akiba inatoa 2,000,000, na kampuni inaukopesha mfuko 4,000,000 zilizobaki bila riba. Mkopo huu huitwa karadha njema, na hurudishwa kutoka ziada za miaka ijayo kabla washiriki hawajagawiwa chochote.

## Historia na Afrika Mashariki

Kampuni ya kwanza ya aina hii ilianzishwa Sudan mwaka 1979. Malezia ilitunga sheria ya takafuli mwaka 1984. Nchini Kenya huduma hii ilianza mwaka 2011.

Mwaka 2013 wafugaji wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, walianza kupata takafuli ya mifugo, na mwaka 2014 zaidi ya wafugaji 100 walilipwa baada ya ukame. Hakuna mkaguzi aliyehesabu mizoga: picha za satelaiti hupima hali ya malisho, na yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa, wafugaji wote wa eneo hilo waliojiunga hulipwa. Njia hii hupunguza gharama, lakini ina kasoro yake. Mfugaji anaweza kupoteza ng'ombe kwa ugonjwa, au malisho ya kwake kukauka wakati wastani wa eneo bado uko juu, asipate kitu.

## Ukosoaji

Baadhi ya wataalamu husema tofauti na bima ya kawaida hupungua pale ada ya wakala inapokuwa kubwa kiasi kwamba ziada haitokei, au kampuni inapochukua sehemu ya ziada pamoja na ada yake. Kampuni inayofanya hivyo hufaidika madai yanapokuwa machache, kama ilivyo katika bima ya kawaida.

Mkopo wa karadha nao una utata. Upungufu ukijirudia mwaka hadi mwaka, deni hukua na ziada ya baadaye yote huishia kulilipa. Washiriki wapya basi hugharimia hasara zilizotokea kabla hawajajiunga. Dalili za hali hiyo huonekana katika hesabu za mwaka za mfuko: deni kwa wanahisa linaloongezeka, na miaka mingi bila mgawo wa ziada.