Wimbo unaomtoa mtoto kwenye mchezo bila kilio

Saa ya michezo huru imeisha. Mwalimu anasema "kusanyeni vitu, tunaenda kwenye hadithi." Watoto wawili wanatii, watano wanakimbia, mmoja analia kwa sababu nyumba yake ya vizibo haijaisha. Walimu wa awali wa Bukoba na Muleba wanaijua sana dakika hiyo.

Kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini madarasa mengi yanazidi hapo. Kwa hiyo kumfuata kila mtoto mmoja mmoja haiwezekani. Hapo ndipo wimbo unapoingia, na una kazi zake.

Tahadhari kwanza, wimbo baadaye

Mtoto wa miaka minne au mitano akiambiwa "zimebaki dakika tano" haelewi kitu, maana hajui dakika ni nini. Anachokielewa ni kitu cha kuhesabu. Mwalimu apite kila kona na kusema kwa sauti ya kawaida: "Weka vizibo vitatu vya mwisho, halafu tunaimba." Mtoto anamaliza alichoanza, na kilio kinapungua hata kabla wimbo haujaanza.

Wimbo ndio saa

Wimbo wa kukusanya vitu uwe mmoja, uleule kila siku, na useme kazi yenyewe. Mwalimu anaweza kutunga wake kwa mistari miwili tu:

*Vizibo nyumbani, vizibo nyumbani,*
*mkono mmoja, kimoja kapuni.*

Ubeti unaofuata unabadilisha neno moja: mbegu nyumbani, kisha magunzi nyumbani. Kila kifaa kina kapu au boksi lake lenye mchoro nje, ili mtoto asiyejua kusoma aone nyumba ya kitu hicho iko wapi.

Chukua darasa la watoto 40 lenye kona tano, yaani watoto wanane kila kona. Wakiimba mizunguko mitatu, kama dakika tatu hivi, kona inatakiwa iwe safi. Ikibidi kuimba mara sita, wimbo hauna kosa. Vifaa ndivyo vimezidi, au kapu ni moja na watoto wote wanane wanagombania hapohapo. Punguza vifaa au ongeza kapu la pili.

Kushusha mwili kabla ya hadithi

Wengi hukosea hapa: wakimaliza kukusanya, wanaimbisha wimbo wa kurukaruka, kisha wanataka watoto watulie palepale. Mwili uliochangamka hauzimwi kama taa.

Wimbo wa pili uimbwe watoto wakiwa wameshakaa kwenye mkeka, na kila mzunguko ushuke: kwanza kupiga makofi, kisha kugonganisha vidole viwili, kisha kunong'ona, mwisho midomo inacheza bila sauti. Kimya kikifika, mwalimu aanze "Paukwa!" hapohapo. Asisubiri mtoto wa mwisho atulie, kwa sababu 39 waliotulia wataanza kusukumana. Huyo mmoja mara nyingi hufuata hadithi ikianza.

Mvua na lugha

Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi nchini, na chini ya paa la bati lisilo na dari sauti ya mwalimu humezwa kabisa. Hivyo kila wimbo uwe na ishara ya mkono inayofundishwa siku ya kwanza: mikono juu maana yake acha kucheza, viganja chini maana yake kaa. Siku ya mvua, ishara zinafanya kazi peke yake.

Ishara hizohizo zinamsaidia mtoto aliyeingia Januari akizungumza Kihaya tu nyumbani. Maneno ya Kiswahili bado ni mageni kwake, lakini anaona wenzake wanavyofanya na anafuata. Maneno atayapata baadaye, tayari yameshikana na kitendo.

Utajuaje umefanikiwa?

Dalili nzuri ni watoto kuanza kukusanya vitu kwenye mstari wa kwanza, kabla mwalimu hajamaliza kuimba. Dalili mbaya ni mwalimu kuimba kwa ukali, au kuutumia wimbo huo kama adhabu. Ukifika hapo, watoto wanauogopa au wanaupuuza, na ni bora kuanza upya na wimbo mwingine.

Wimbo pia una mipaka. Mtoto aliyetembea mbali asubuhi bila uji hatulizwi na wimbo. Na yupo anayesumbuliwa na kelele za wengi: huyo mpe kazi ya kutandika mkeka wakati wenzake wanaimba. Atakuwa amefika kwenye hadithi kabla yao.