Ukurasa wa 12 Jirani na wa 1

Chukua kijitabu cha ibada ya mazishi, kile cha karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, ung'oe pini zake na kuzitandaza karatasi mezani. Kama kina kurasa 12, utakuta karatasi tatu tu. Ile ya nje ina ukurasa wa 1 kulia na wa 12 kushoto. Igeuze, uone wa 2 kushoto na wa 11 kulia. Karatasi ya pili imebeba 10 na 3, na nyuma yake 4 na 9. Ya ndani kabisa ina 8 na 5, nyuma 6 na 7.

Jumlisha kurasa mbili zinazokaa pamoja: kila mara unapata 13, yaani idadi ya kurasa ukiongeza moja. Ukipata jumla nyingine popote, mpangilio umekosewa.

Kila karatasi inabeba kurasa nne, kwa hiyo idadi lazima igawanyike kwa nne. Familia ikikuletea kurasa 10, ongeza mbili. Mimi huwaomba picha nyingine ya marehemu, na ukurasa wa 2 nauacha mtupu, maana nyuma ya jalada hausumbui mtu.

Programu nyingi za kusomea PDF hupanga kurasa zenyewe ukichagua `Booklet`. Linalobaki, na ndilo linaloharibu kazi nyingi, ni namna karatasi inavyogeuzwa ndani ya printa. Karatasi imelala, hivyo igeuzwe kwa ukingo wake mfupi: `Flip on short edge`. Ukiacha ukingo mrefu, upande wa nyuma unatoka kichwa chini. Tena ukurasa wa 1 mgongoni unakuwa na wa 11 badala ya wa 2.

Niliwahi kuchapisha nakala 200 usiku wa kuamkia mazishi bila kujaribu moja kwanza. Karatasi 600 zote zilitoka hivyo, na familia ilikuwa inasubiri mlangoni. Tangu siku ile nachapa nakala moja, naikunja, nafunua ukurasa kwa ukurasa hadi mwisho, ndipo naruhusu nyingine.

Vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu vinafunguka upande wa pili: hapo ukurasa wa 1 unakaa kushoto kwa karatasi na wa 12 kulia.

Karatasi tatu hukunjika vizuri. Zikifika 15 au 20, za ndani zinasukumwa nje na unene wa zile zinazozifunika, hata ukingo wa kitabu unachongoka. Ukiunyoosha kwa kisu, kurasa za katikati ndizo zinazopunguzwa zaidi, na maandishi yaliyokaribia ukingo huenda na kisu. Kitabu kinene hivyo kiachie nafasi pana ya pembeni tangu unapokipanga.