Kishindo Kilichoachwa Nyuma na Unyayo

Nilipomaliza gemu yangu ndogo ya askari mwenye upanga, nilimpa kijana wa jirani aijaribu kwenye simu yake. Alicheza dakika mbili, akainua uso. "Kaka, huyu mtu anaelea. Hakanyagi chini."

Picha haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye sauti. Nilikuwa nimeiamuru kompyuta ilie kishindo cha hatua kila baada ya nusu sekunde, na miguu ilikuwa inakwenda kwa saa yake yenyewe. Askari akipunguza mwendo, au simu ikielemewa kidogo, viwili hivyo huachana, na sikio hulijua hilo kabla ya jicho.

Dawa yake katika injini ya Unity ni kuibandika sauti kwenye picha yenyewe. Animesheni ya kutembea ni klipu, yaani mfuatano wa picha ziitwazo fremu. Juu ya fremu yoyote unaweza kuweka alama inayoitwa `AnimationEvent`. Klipu ikifika hapo, injini huita kazi uliyoitaja kwa jina. Mhusika akienda mbio au polepole, alama huenda naye, kwa sababu imo ndani ya klipu.

Klipu yangu ilikuwa na fremu 30 za sekunde moja. Niliisogeza fremu moja moja nikitazama kisigino tu. Wengi huweka alama mguu unapoanza kushuka, na hilo ni kosa: sauti huzaliwa pale kisigino kinapogusa ardhi na kuacha kushuka. Mguu wa kushoto uligusa kwenye fremu ya 4, wa kulia kwenye ya 19. Nilipoweka alama hizo mbili, hatua bado zilichelewa. Nilihangaika hadi nikalifungua faili la sauti lenyewe, nikakuta mwanzoni mwake kuna kimya kifupi kabla ya kishindo. Nilikikata, na askari akakanyaga.

Tatizo la pili lilijitokeza alipoanza kukimbia. Wakati wa kutoka kutembea hadi kukimbia, injini huchanganya klipu mbili kwa pamoja, na kila moja ina alama zake. Ukisikia hatua mbilimbili kama za mtu mwenye miguu minne, sababu ni hiyo. Hapo unaiuliza kila klipu ina uzito gani katika mchanganyiko, na unairuhusu ile iliyozidi nusu peke yake:

```csharp
public void Hatua(AnimationEvent e)
{
    if (e.animatorClipInfo.weight > 0.5f)
        chanzo.PlayOneShot(sautiYaHatua);
}
```

Kazi hii lazima iwe kwenye kitu kilekile chenye `Animator`. Ikiwekwa kwingine, au jina likikosewa herufi moja, alama hubaki bila wa kuipokea, na Unity hukulalamikia kwa maneno `has no receiver`.

Upanga ulinisumbua zaidi ya miguu. Pigo lilikuwa na fremu 24: hadi ya 8 askari anainua mkono, kuanzia ya 9 upanga unapita mbele yake, na kwenye ya 13 mkono unaanza kurudi. Nikaweka alama ya kufungua makali kwenye 9 na ya kuyafunga kwenye 13. Siku moja nikaona maadui wanakufa kwa kuugusa tu upanga ulioteremshwa. Askari alikuwa amepigwa kwenye fremu ya 11, klipu ya kuyumba ikaingia upesi, na fremu ya 13 haikufikiwa kamwe. Makali yakabaki wazi. Tangu hapo naandika amri ya kuyafunga pia pale mhusika anapopigwa au kufa. Alama ya kufunga si ya kuaminiwa peke yake.

Kuna mpaka mmoja ambao alama haziwezi kuuvuka. Injini huziangalia inapochora picha mpya tu. Simu inayochora picha 20 kwa sekunde inaweza kuchelewesha alama kwa sekunde 0.05. Pigo langu liko wazi kwa fremu nne, yaani kama sekunde 0.13. Simu ikikwama kwa sekunde 0.2, kufungua na kufunga huangukia katika picha moja, na upanga unampitia adui bila kumgusa. Kwenye kompyuta yangu yenye nguvu sikuwahi kuliona hilo hata mara moja. Kwa hiyo, ukitengeneza gemu, anza kuijaribu kwenye simu dhaifu kuliko zote ulizonazo nyumbani.