Kila Kitu Kina Kwao: Wimbo wa Kukusanya Vifaa katika Darasa la Awali

Mtoto wa miaka 4 au 5 huingia mchezoni kwa urahisi kuliko anavyotoka, kwa kuwa kutoka kunamdai mambo matatu kwa mpigo: aache kitu kinachompendeza, akumbuke agizo aliloambiwa, na aanze kazi nyingine ambayo hakuichagua. Wataalamu wa malezi hukiita kipindi hicho mpito, yaani muda mfupi uliopo kati ya shughuli moja na nyingine, na ndicho kipindi ambacho darasa la awali huvurugika kwa wepisi zaidi. Agizo refu la mwalimu, kama vile kuwataka watoto wakusanye vizibo, wavitie kwenye kopo, kisha warudishe vitabu na kukaa mkekani, humfikia mtoto likiwa limekatika vipande, naye hushika neno la kwanza au la mwisho na kuyapoteza yaliyo katikati. Wimbo wa vitendo hutatua tatizo hilo kwa kuligawa agizo katika vipande vidogo na kukitoa kila kipande kwa wakati wake, huku mdundo ukiwashikilia watoto wote katika kazi moja.

Madarasa ya awali ya Moshi na ya vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro yana sababu ya pekee ya kuuhitaji wimbo wa namna hiyo, nayo ni aina ya vifaa vyenyewe. Madarasa hayo hupangwa katika kona za ujifunzaji, yaani sehemu ndogo za chumba zilizotengewa kazi mbalimbali kama hesabu, lugha na michezo ya kuigiza, na zana nyingi hupatikana bila kununuliwa: vizibo vya soda, magunzi ya mahindi, vijiti, mbegu, kokoto, na mipira iliyosokotwa kwa majani makavu ya migomba. Vitu hivi ni vidogo na ni vingi mno. Watoto 40, kila mmoja akiwa na vizibo 10 tu vya kuhesabia, huacha vizibo 400 sakafuni, na mwalimu anayevikusanya peke yake baada ya kengele hujifunza upesi kuviacha kabatini siku inayofuata. Hapo ndipo mchezo unapokufa darasani, si kwa kukosa vifaa bali kwa kukosa namna ya kuvirudisha.

Wimbo unaoelezwa hapa umetungwa kwa ajili ya darasa la aina hiyo, nao hughanwa, yaani hutolewa kwa sauti iliyo kati ya kusema na kuimba, ili mwalimu asiye na sauti ya muziki aumudu bila shida. Mmoja huongoza na wote huitikia:

Kiongozi: Tumecheza, tumecheza!
Wote: Turudishe, turudishe!
Kiongozi: Kila kitu…
Wote: …kina kwao!
Kiongozi: Na vizibo?
Wote: Kwenye kopo!
Kiongozi: Na magunzi?
Wote: Kwenye ndoo!
Kiongozi: Na vitabu?
Wote: Kwenye rafu!
Kiongozi: Na mikeka?
Wote: Tuikunje!
Kiongozi: Na mikono?
Wote: Ni mitupu!

Maneno haya hayakuwekwa kwa kubahatisha. Kiswahili hukaza sauti katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo neno la silabi mbili kama “kopo” hupokea mkazo mwanzoni, na neno la silabi nne kama “turudishe” huupokea katika silabi ya tatu, na yote mawili huingia vizuri katika mwendo wa hatua za miguu, kushoto na kulia. Neno la silabi tatu kama “vizibo” huuvuruga mwendo huo, kwa sababu mkazo wake huangukia katikati, na watoto huanza kulivuta au kulimeza. Kuongeza “na” mbele yake hulifanya kundi la silabi nne, na mkazo hurudi mahali pake. Mwalimu anayetaka kubadilisha vifaa atumie kipimo hicho hicho: “na vijiti”, “na kokoto” na “na kalamu” zinakaa sawa, bali “na mbegu” inakuwa fupi na inahitaji kujazwa, kwa mfano “mbegu nazo”.

Jambo linalokosewa zaidi katika nyimbo za kukusanya vifaa ni vitendo. Desturi ya darasa la awali ni kupiga makofi, na makofi hupendwa na kila mtoto, lakini mtoto anayepiga makofi hawezi kushika kizibo, na anayeshika vizibo vitano hawezi kupiga makofi bila kuvimwaga. Matokeo yake ni darasa linaloimba kwa furaha huku sakafu ikibaki kama ilivyokuwa, na mwalimu akidhani kwamba watoto ni wakaidi. Kwa hiyo makofi yakae katika mistari miwili ya mwanzo tu, pale ambapo kazi yake ni kuikomboa mikono kutoka katika mchezo: anayetaka kupiga makofi hulazimika kwanza kuweka chini alichokishika. Katika “kila kitu kina kwao” watoto husimama na kunyoosha kidole kuelekea kona zao, na kuanzia “na vizibo” vitendo vyote huwa ni kazi yenyewe, yaani kuchuchumaa, kuokota, kutembea kwa mdundo na kutumbukiza, huku miguu ikishika mapigo ambayo mikono haiwezi tena kuyashika. Mstari wa mwisho huinua mikono yote miwili juu, viganja vikiwa wazi, na kwa kutupa jicho mara moja mwalimu humwona aliyebaki na kokoto mkononi.

Mpangilio wa vifaa nao una hoja yake. Vitu vidogo hutangulia kwa sababu hukanyagwa, hupotea chini ya madawati, na vingine huweza kumkaba mtoto mdogo akivitia mdomoni. Mikeka huwa ya mwisho kwa sababu ikikunjwa mapema hufunga ndani yake kila kilichobaki juu yake. Kiongozi hasongi mbele kwa kufuata wimbo, bali kwa kufuata sakafu: hurudia “na vizibo?” mara mbili, mara nne au mara saba, hadi vizibo vinapokaribia kwisha, ndipo ahamie kwenye magunzi. Anayeuimba wimbo moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa mapigo kama 90 kwa dakika, ataumaliza chini ya nusu dakika, muda ambao hautoshi hata kopo moja kujaa.

Lichukuliwe darasa la watoto 40 lenye kona nne, watoto 10 katika kila kona, ambalo ni kubwa kuliko kiwango cha Tanzania cha mwalimu mmoja kwa watoto 25. Dakika tatu hivi kabla ya mwisho wa mchezo mwalimu hupita kila kona na kusema kwa sauti ya chini kwamba muda unakaribia kwisha, kwa kuwa wimbo unaomkatiza mtoto ghafla hupokewa kwa kilio. Vyombo vya kuhifadhia vimekwisha kuwekwa wazi, na kila kimoja kina kitu halisi kilichogundishwa mbele yake, kizibo kwenye kopo na gunzi kwenye ndoo, ili asiyejua kusoma aone kinachokaa humo. Kopo la vizibo si moja bali manne, moja kwa kila kona, kwa sababu watoto 40 wakikimbilia kopo moja hugongana vichwa. Mwalimu husimama mahali pamoja, huanza wimbo kwa sauti ya juu kidogo inayolingana na sauti za watoto, na haokoti chochote katika mizunguko ya kwanza, kwa kuwa akiinama hupoteza macho ya darasa. Kazi yote huchukua dakika nne au tano katika wiki ya kwanza, na hupungua watoto wanapozoea.

Dalili za kuharibika huonekana mapema kwa anayeangalia miguu badala ya midomo. Watoto wakikimbia, mdundo umekuwa wa kasi na kiongozi apunguze mwendo. Wakisimama wakiimba, vitendo vimewazidi au vyombo haviko karibu. Na watoto wale wale watatu wakifanya kazi ya wote, kila kona ipewe kifaa chake cha kuitikia, hivi kwamba swali la vitabu hujibiwa na kona ya lugha peke yake. Kosa baya kuliko yote ni kuutumia wimbo kama adhabu, kwa kuwaimbisha tena waliochelewa, kwani baada ya hapo watoto husikia karipio ndani ya wimbo.

Katika vijiji vya juu, kama vya Rombo, wako watoto ambao lugha ya nyumbani kwao ni Kichaga, na hao hufaidika kwa namna yao, kwa kuwa humfuata mwenzao anayechuchumaa kabla hawajaelewa neno linalosemwa, kisha neno lenyewe huja likiwa limekwisha kuunganishwa na kopo na kizibo. Kufanya kazi kwa pamoja si jambo geni kwao pia, maana wameona msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji kama kutengeneza njia au kusafisha mifereji. Utafiti wa Sebastian Kirschner na Michael Tomasello uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto wa miaka 4 waliocheza wawili wawili kwa kuimba na kupiga mdundo pamoja walisaidiana zaidi, mara tu baada ya hapo, kuliko waliocheza mchezo kama huo bila muziki. Utafiti huo haukupima ukusanyaji wa vifaa, na hauahidi kwamba wimbo utamfanya mtoto awe nadhifu nyumbani, lakini unadokeza kwa nini kuitikia kwa pamoja huweza kuwasaidia watoto kushirikiana.

Nje ya darasa wimbo hubadilika kidogo. Viwanja vingi vya miteremko havikusawazishwa, na mpira au kopo hubingirika hadi kwenye migomba, kwa hiyo watoto hupangwa mstari upande wa chini na kukusanya wakipanda juu, mwendo ambao huwapunguzia kasi bila kukaripiwa. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mstari wa “na mikono?” huhamishiwa kwenye ndoo ya maji mlangoni, ili tope lisiingie vitabuni.

Panabaki mtoto ambaye hakumaliza. Amepanga magunzi na vijiti kuwa zizi la ng’ombe, na wimbo unapofika kwenye magunzi hujilaza juu ya kazi yake kuilinda. Huyo asilazimishwe kuibomoa kwa sababu wenzake wanaimba; kibao au kipande cha boksi kiwekwe tayari chini ya kazi za namna hiyo tangu mwanzo wa mchezo, ili zizi zima libebwe hadi pembeni mwa rafu, likae hapo hadi kesho, na mtoto aende kuinua mikono mitupu pamoja na wengine.