Notisi ya kuvunja mkataba wa ulinzi

Shule inayotaka kuachana na kampuni ya ulinzi huanza kwa kufungua mkataba wenyewe. Humo kuna kifungu cha kusitisha, na barua lazima ikitaje kwa namba yake.

Tuseme kifungu kinadai notisi ya maandishi ya siku 30 tangu kupokelewa. Barua imeandikwa Mei 28, lakini kampuni imeigonga muhuri Juni 2. Hapo ndipo wengi hukosea: huhesabu kuanzia tarehe ya kuandika. Siku ya kwanza ni Juni 3, na ya mwisho ni Julai 2. Ukiwaondoa walinzi Juni 27, kampuni inaweza kudai malipo ya siku zilizobaki. Kwa hiyo, baki na nakala yenye muhuri na saini ya mpokeaji.

Barua hiyohiyo iombe makabidhiano: funguo zote, redio za mawasiliano na kitabu cha matukio. Walinzi wapya waingie kabla wa zamani hawajaondoka, wazunguke pamoja zamu moja, kisha pande zote zisaini orodha ya vilivyopokelewa.

Ankara ya mwisho isilipwe kabla ya orodha hiyo kusainiwa, ikiwa mkataba unaruhusu.